Sura ya Sita: Nguo Zisizotaka Softena

Ukitaka kujua kama taulo limeharibiwa na softena, huhitaji kulinusa wala kulipapasa. Lichukue likiwa kavu kabisa, litandaze mezani, chovya kidole kwenye maji, kisha dondosha tone moja juu yake. Taulo zima hulimeza tone papo hapo. Taulo lililovishwa softena kwa miezi mingi hulibeba tone likiwa duara, linang'aa, bila kulimeza upesi. Hilo ndilo taulo ambalo mgeni wa gesti hujifuta nalo mara mbili mbili na bado anavaa shati mgongo ukiwa na maji.

Tunduma ni mahali pazuri pa kulisomea jambo hili. Mji upo mpakani, Nakonde ya Zambia iko hatua chache tu upande wa pili, na malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni hapa yakisubiri kuvuka. Dereva na tingo wanalala gesti. Gesti zinahitaji mataulo, na mataulo yanafuliwa kila siku, mengi kwa mkono, kwenye mabeseni, kwa maji ambayo mitaa mingi huyanunua kwa dumu. Vumbi la barabara lipo, baridi ya mwezi wa sita na wa saba ipo, na maduka ya kushoto na kulia yana softena za kila rangi na kila harufu. Mama mwenye gesti anamwambia dobi, "Dada, leo usisahau kuweka softena, wageni wamelalamika mataulo yanakwaruza." Dobi anaitikia, anamimina kifuniko kimoja, kesho viwili. Baada ya miezi michache malalamiko yanageuka: mataulo ni laini kweli, yananukia vizuri, lakini hayafuti.

Sababu iko ndani ya chupa. Kitu kikuu kwenye softena ni mafuta yaliyogeuzwa, yatokanayo na mafuta ya ng'ombe au ya mawese. Kila chembe yake ina kichwa chenye chaji chanya ya umeme na mikia miwili mirefu ya mafuta. Pamba ikiwa ndani ya maji, uso wake una chaji hasi kidogo. Chanya na hasi huvutana, kwa hiyo kichwa kinanasa kwenye uzi na mikia inabaki imeelekea nje. Ndiyo maana softena haiondoki na maji ya suuza kama sabuni inavyoondoka. Imetengenezwa ili ibaki. Ukipapasa nguo iliyokauka unapapasa ile mikia ya mafuta, nayo inateleza. Kwa shati la ofisini ni jambo jema, maana hata pasi inapita kirahisi. Lakini taulo kazi yake ni moja tu, kunywa maji, na mafuta na maji hayajawahi kupatana. Vile vitanzi vidogo vilivyosimama juu ya taulo vimefumwa hivyo ili eneo la kunyonya liwe kubwa, na eneo kubwa hilo hilo ndilo linalobeba softena nyingi kuliko shuka au shati.

Hapa mtu atauliza: sasa ule ugumu wa taulo lililokaushwa kwenye kamba unatoka wapi? Swali ni la haki, kwa sababu usipolijibu utarudi dukani kununua chupa nyingine.

Unatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni pamba yenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya Kao ya Japani na Chuo Kikuu cha Hokkaido walieleza kwamba hata pamba inayoonekana kavu bado ina maji machache sana yaliyonasa kwenye uso wa nyuzi zake, na maji hayo yanafanya kazi ya gundi, yakiunganisha uzi na jirani yake. Taulo likikauka limetulia kwenye kamba bila kutikisika, nyuzi zinashikana katika mkao huo na taulo linakuwa kama ubao. Ugumu wa namna hii hauhitaji dawa. Unavunjika kwa mikono: likung'ute taulo kwa nguvu kabla ya kulianika mpaka vitanzi vilivyolala visimame, na likishakauka lishike pembe mbili ulikung'ute tena na kulifikicha kidogo. Siku yenye upepo upepo wenyewe unafanya nusu ya kazi hiyo.

Sehemu ya pili ndiyo yenye lawama kubwa, nayo ni sabuni iliyobaki. Mahali maji yanaponunuliwa, suuza ndiyo inayopunjwa. Tufanye hesabu ya gesti moja yenye mataulo kumi ya kufua. Tuseme kila taulo likiwa kavu lina uzito wa nusu kilo, na likikamuliwa kwa mkono linabaki na nusu lita ya maji ya sabuni. Mataulo kumi, basi, yanatoka kwenye beseni la kufulia yakiwa yamebeba lita tano za maji ya sabuni. Ukiyatia kwenye dumu zima la suuza, yaani lita 20, ile sabuni sasa imeenea kwenye lita 25. Yakamue tena, utakuwa umebakiza sehemu moja ya tano ya sabuni uliyokuwa nayo. Wengi huishia hapo. Sehemu moja ya tano ni sabuni nyingi. Ikikauka juu ya nyuzi inakuwa ukoko, na ukoko huo ndio unaokwaruza mgongo wa mgeni.

Sasa chukua dumu lile lile, usiongeze hata kikombe, ila ligawe mara mbili. Suuza ya kwanza lita kumi: sabuni inaenea kwenye lita 15, ukikamua inabaki theluthi moja. Mwaga, weka lita kumi zilizobaki: inabaki theluthi ya theluthi, yaani sehemu moja ya tisa. Kwa maji yale yale umepunguza mabaki karibu kwa nusu. Na kama watu wawili watashika taulo huku na huku na kulisokota badala ya mmoja kulibinya, mataulo yatabeba maji machache zaidi kwenda beseni linalofuata na hesabu itazidi kuwa nzuri. Kukamua ni bure, dumu la maji si bure. Sijui kwa nini maelezo ya mifuko ya sabuni yanasema sana kuhusu povu na hayasemi lolote kuhusu kukamua.

Softena ikiingia kwenye suuza ambayo bado ina povu, hasara inakuwa maradufu. Sabuni ya unga ina chaji hasi, softena ina chaji chanya. Zikikutana ndani ya beseni zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zinakuwa utando mzito wenye mafuta unaotua juu ya nguo. Kwenye taulo la rangi ya bluu au maruni utauona kama madoa meupe au mabaka ya mafuta ambayo dobi hulaumiwa kwamba hakufua vizuri. Alifua. Kilichotokea ni kwamba dawa mbili zimeuana, na mzoga wake umebaki kwenye taulo.

Taulo lililokwishavishwa linaweza kurudishwa. Chemsha maji, yachanganye nusu kwa nusu na ya baridi. Tunduma ipo kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, hivyo maji yake huchemka mapema, kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100, na ukiyachanganya hivyo unapata beseni la nyuzi 55 hadi 60, joto linalotosha kulegeza mafuta bila kuumiza pamba. Weka sabuni ya unga ya kawaida, si zaidi ya vijiko vitano vya chakula kwa mataulo kumi, loweka nusu saa, geuza kwa mti maana maji ni ya moto, kisha fua na suuza mara mbili kwa ule mgawanyo wa dumu. Katika suuza ya mwisho unaweza kuweka nusu kikombe cha siki nyeupe ya mezani kwenye lita kumi. Siki inaondoa chokaa ya maji ya kisima na mabaki ya sabuni, na harufu yake inaisha taulo likikauka. Rudia mzunguko huo katika ufuaji wa pili na wa tatu, kisha fanya tena jaribio la tone. Likizama, umemaliza. Bado likisimama, endelea. Taulo lililopata softena kwa mwaka mzima halisafiki kwa siku moja.

Onyo moja hapa lisipite haraka. Gesti nyingi hutumia Jik kwa mataulo meupe. Siki na Jik visikutane kamwe, si kwenye beseni moja wala kwenye taulo ambalo halijasuuzwa Jik ikaisha, kwa sababu vinatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inachoma mapafu. Siku ya Jik iwe siku ya Jik.

Na taulo jipya? Nalo lifue kabla ya kulitumia. Viwandani mataulo hupakwa kilainishi ili yakishikwa dukani yavutie, ndiyo maana taulo la siku ya kwanza linasukuma maji badala ya kuyanywa, na mwenye nalo anadhani ameuziwa bidhaa mbovu.

Tuje kwenye jezi. Ukipita uwanja wowote wa Vwawa, Mlowo au Tunduma jioni utaona jezi za Simba, za Yanga na za timu za Ulaya, karibu zote za poliesta. Poliesta ni plastiki iliyovutwa kuwa uzi. Yenyewe hainyonyi maji kama pamba. Jezi nzuri ya michezo inakausha jasho kwa njia nyingine: uzi wake na ufumaji wake umepangwa ili jasho litambae katikati ya nyuzi, lienee upande wa nje na kuchukuliwa na hewa. Softena inaziba njia hizo kwa mafuta yale yale. Jasho linabaki ndani, jezi inagandamana na mgongo, na mchezaji akipumzika kwenye baridi ya jioni ya Songwe anatetemeka ndani ya nguo iliyolowa.

Tatizo kubwa zaidi la jezi, hata hivyo, ni harufu, na hapo ndipo watu wanapokosea kwa nia njema. Poliesta inapenda mafuta. Mafuta ya mwili hujishika kwenye uzi wake kuliko kwenye pamba, na bakteria huyala. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walilinganisha fulana za pamba na za poliesta baada ya mazoezi, na za poliesta zilinuka vibaya zaidi. Waligundua pia kwamba kundi la bakteria wanaotoa harufu lilistawi kwenye poliesta kuliko kwenye pamba. Mwenye jezi inayonuka anaongeza softena ili inukie. Ile tabaka ya mafuta inafunika uchafu wa zamani, sabuni ya wiki ijayo inashindwa kuufikia, na manukato yanadumu mpaka jasho la kwanza tu. Dalili yake ni hiyo: jezi inatoka kwenye kamba ikinukia maua, dakika kumi za kukimbia harufu ya kwapa inafufuka. Ukiona hivyo, ujue uchafu haukuwahi kutoka.

Dawa yake ni rahisi. Igeuze jezi nje ndani kabla ya kuifua, maana uchafu uko upande wa ngozi. Ifue siku hiyo hiyo, usiiache imekunjamana kwenye begi mpaka Jumamosi. Tumia maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa sababu moto huharibu nembo na namba zilizobandikwa, na huchosha mpira wa elastiki kwenye nguo za kubana. Kama imekwishazoea softena, iloweke nusu saa kwenye maji ya baridi yenye siki, robo kikombe kwa lita tano, isuuze, kisha ifue kwa sabuni. Anika kivulini. Poliesta inakauka upesi na haina ule ugumu wa pamba, kwa hiyo hakuna hata sababu ya kuilainisha.

Kuna nguo ambazo softena inazifaa, nisionekane namchukia muuza duka. Masweta ya akriliki, ya shule na ya mtumba, ambayo katika miezi mikavu hutoa cheche ukiyavua na kung'ang'ania shati la ndani, yatatulia ukiyapitisha kwenye softena kidogo, kwa kuwa ile tabaka inavuta unyevu na kuondoa umeme. Mashati na vitenge vya kunyooshwa pia. Weka kidogo kuliko kifuniko kinavyosema, kwenye suuza isiyo na povu.

Nguo za mtoto mchanga ndizo zinazoonewa zaidi, kwa sababu mapenzi ya mzazi yanamfanya aongeze. Anataka shali iwe laini, anataka mtoto anukie. Tuanze na nepi za kitambaa, ambazo nyumba nyingi za Mbozi na Momba bado zinatumia usiku au mchana kutwa kwa kuwa pampasi ni gharama. Nepi ni taulo dogo. Ikivishwa mafuta, mkojo hauzami, unakimbilia pembeni, unalowesha kanga ya mama na mgongo wa mtoto. Mama anaona nepi imevuja anadhani ni nyembamba, anakunja mbili. Kabla ya kuongeza ya pili, fanya jaribio la tone.

Kisha ngozi. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, na softena, tofauti na sabuni, imekusudiwa ibaki kwenye nguo usiku na mchana. Manukato yake ni mchanganyiko wa vitu vingi, na baadhi ya watu, wakubwa kwa wadogo, huwashwa navyo. Vipele vikitokea pale nguo inaposugua, shingoni, viungoni mwa mikono, kiunoni, jambo la kwanza na la bei nafuu ni kuacha softena na kusuuza mara moja zaidi kwa wiki mbili hivi, ukiangalia. Lakini usiishie kwenye nguo za mtoto peke yake. Kanga anayobebewa, blauzi ya mama anayolalia shavu, shuka la kitanda wanacholala pamoja: vyote vinamgusa. Mama akifua nguo za mtoto kwa uangalifu halafu akajifunga kanga iliyotoka kwenye softena, hajabadilisha kitu. Vipele vikiambatana na homa, usaha au malengelenge, hiyo si kazi ya beseni. Ni ya kituo cha afya.

Jambo ambalo wazazi wachache wamelisikia ni moto. Vitambaa vyenye manyoya, kama flaneli, fulana nzito za manyoya na taulo, hushika moto upesi kuliko kitambaa kilichobana, kwa sababu hewa imejaa kati ya nyuzi. Softena inasimamisha manyoya hayo na kuyapaka mafuta, na watengenezaji wenyewe huandika kwenye chupa zao onyo la kutoitumia kwenye nguo za namna hiyo, wala kwenye nguo za watoto za kulalia zilizotengenezwa kuzuia moto. Nguo hizo zipo Tunduma. Marekani ina sheria tangu miaka ya 1970 inayotaka nguo za watoto za kulalia zisishike moto kirahisi, na nyingi hutufikia kwenye marobota ya mtumba zikiwa na lebo ya maelezo shingoni au ubavuni. Softena inaweza kupunguza kinga hiyo. Katika mji ambao mwezi wa saba jiko la mkaa huingizwa ndani usiku ili kupasha chumba joto, hilo si jambo la kupuuza. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ni hatari hata bila nguo, maana gesi yake ya kaboni monoksidi inaua watu usingizini. Litoe nje kabla ya kulala.

Kama unataka nguo ya mtoto iwe laini kweli, kuna kitu ambacho bibi zetu walikuwa nacho: pasi ya moto. Pamba iliyonyooshwa kwa pasi inalegea, kwa sababu yale maji yaliyoshikanisha nyuzi yanatoka na mkao mgumu unavunjika. Pasi ina faida nyingine ambayo hakuna softena inayoweza kuitoa. Katika sehemu nyingi za Tanzania na Zambia yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, hasa kivulini au chini kwenye majani. Mayai yakianguliwa, buu hupenya ngozi na kuota kama jipu lenye tundu katikati. Kwa hiyo nepi, shati na shali ya mtoto zipige pasi ya moto pande zote mbili, ukikazia mishono, mikunjo na mikanda ya kiunoni, na usimvalishe nguo iliyokaushwa nje ambayo pasi haijaigusa.